Hati ya Shamba na Asili Yake: Hukumu Ambayo Mkulima wa Skimu Aijue

Tarehe 21 Aprili 2023, Mahakama ya Juu ya Kenya ilitoa hukumu juu ya kiwanja kilicho ufuoni mwa bahari huko Mombasa. Pengine utauliza, kiwanja cha ufuoni chakuhusu nini wewe mwenye ekari zako za mahindi na ng'ombe wa maziwa? Chakuhusu, kwa sababu neno lililoamuliwa pale linashika kila kipande cha ardhi kilichowahi kuwa cha Serikali au cha watu wote, na mashamba ya skimu yalianzia huko. Hukumu yenyewe ni ndefu, na imeandikwa kwa Kiingereza cha mawakili. Hapa tutakueleza kiini chake.

Shauri lilikuwa kati ya kampuni iitwayo Dina Management na Serikali ya Kaunti ya Mombasa. Kampuni hiyo ilikuwa na hati ya kiwanja, iliyotolewa na ofisi ya ardhi na kupigwa muhuri. Ilikinunua kutoka kampuni nyingine, nayo ile nyingine ilikipata kwa mtu wa kwanza kugawiwa, Rais wa wakati ule, Daniel arap Moi, aliyegawiwa mwaka 1989. Mwezi wa Septemba 2017 watu wa Kaunti waliingia wakabomoa ukuta wa kiwanja, wakisema kwamba mahali pale ni pa watu wote, ndipo njia ya kwenda baharini. Kampuni ikaenda kortini.

Kampuni ilishindwa mara tatu. Ilishindwa kwanza katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ikashindwa tena katika Mahakama ya Rufaa, na mwisho katika Mahakama ya Juu. Hati yake haikutambuliwa, wala haikupewa fidia.

Sasa sikiliza sababu, maana hapa ndipo penye faida kwako. Wakili wa mnunuzi husema hivi: "Mteja wangu alilipa fedha halali, alitafuta habari katika ofisi ya ardhi, hakujua ubaya wo wote, basi alindwe." Majaji walijibu kwamba kabla ya kumtazama mnunuzi ni lazima kufuata hati mpaka asili yake, yaani mpaka siku ardhi ilipogawiwa mara ya kwanza. Hati ni mwisho wa safari. Ikiwa njia iliyofuatwa kabla ya kuitoa ilivunja sheria, hati yenyewe haiwezi kuwa ngao.

Walipofuata asili ya kiwanja kile waliona makosa mawili. La kwanza, mahali pale palikwisha kutengwa kuwa wazi kwa matumizi ya watu wote, kwa hiyo hapakuwa ardhi tupu ya Serikali inayoweza kugawiwa mtu. La pili, hata kama ingaliweza kugawiwa, taratibu za sheria za kugawa kiwanja cha mjini hazikufuatwa. Basi mtu wa kwanza hakupata haki yo yote, na asiye na kitu hana cha kumwuzia mwenzake. Mnunuzi wa pili hakupata kitu, na wa tatu vile vile. Katiba pia, katika kifungu cha 40, husema wazi kwamba ulinzi wa mali haufiki kwenye mali iliyoonekana kupatikana kinyume cha sheria. Ndiyo sababu fidia ilikataliwa.

Tulete jambo hili skimuni. Tuseme unauziwa ekari mbili karibu na mto, na mwenye kuuza anakuonyesha hati safi. Lakini wazee wanakumbuka kwamba katika ramani ya kwanza ya skimu kipande kile kilikuwa cha josho la ng'ombe. Josho lilikufa, ukuta ukabomoka, na mtu mwenye rafiki ofisini akapata hati kwa jina lake. Kwa hukumu hii, kufa kwa josho peke yake hakuifanyi ardhi iwe ya mtu binafsi. Ukinunua, unaweza kulima miaka kumi, kisha jirani au Kaunti wakaenda kortini na wewe ukatoka mikono mitupu. Ni hivyo hivyo kwa kipande cha shule, cha soko, cha kisima, na njia ya mifugo.

Kosa la wanunuzi wengi ni kutafuta habari nusu. Ile karatasi unayopewa ofisini ukilipia upekuzi huonyesha mwenye ardhi wa leo na madeni yaliyo juu yake. Haionyeshi alivyoipata. Omba nakala ya daftari lenyewe, ile kadi ambayo kila badiliko limeandikwa tangu kipande kilipofunguliwa. Kwa shamba la skimu utatazamia kuona Wadhamini wa Mfuko wa Makazi, S.F.T., mahali fulani mwanzoni, halafu mkulima aliyegawiwa, na deni lake kufutwa. Ukikuta kipande kilichozaliwa miaka mingi baada ya vingine, kikaenda moja kwa moja kwa mtu asiyekuwa katika orodha ya waliogawiwa, simama hapo. Nenda kwa ofisa wa makazi ukaulize orodha hiyo, utazame ramani ya kwanza, kisha utembee mipakani pamoja na saveya na jirani wawili watatu. Gharama hizi ni ndogo mno mbele ya bei ya shamba.

Lakini usiogope kupita kiasi. Mahakama haikusema kwamba hati za Kenya hazina nguvu. Hati hubaki ushahidi wa kwanza wa umiliki, na mwenye kuipinga ndiye anayepaswa kuleta sababu za maana. Ikiwa baba yako aligawiwa kwa halali, akalipa deni lake akapewa hati, hukumu hii haikudhuru.

Je, aliyeshindwa anaweza kufanya nini? Katika shauri lile, karibu hakuna, kwa kuwa juu ya Mahakama ya Juu hapana korti nyingine. Mahakama hiyo yaweza kuitazama upya hukumu yake kwa sababu chache tu, kama vile hukumu kupatikana kwa udanganyifu. Kutoridhika na maneno ya majaji si sababu. Njia iliyobaki kwa mnunuzi ni kumdai aliyemwuzia, na kwa madai ya mapatano ya kuuziana sheria huweka muda wa miaka sita. Kwa hiyo uandikapo mapatano ya kununua shamba, mwambie wakili aweke neno kwamba hati ikifutwa kwa ubaya wa asili yake, mwuzaji atarudisha fedha zote.

Kwa shauri lako mwenyewe lililo chini, nafasi ni kubwa zaidi, ila siku ni chache. Ukishindwa mbele ya hakimu, una siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Ukishindwa katika mahakama hiyo, uandike taarifa ya rufaa ndani ya siku 14, kisha upeleke kitabu cha rufaa katika Mahakama ya Rufaa ndani ya siku 60 tangu taarifa kuwekwa. Omba nakala ya hukumu na ya maneno ya shauri siku ile ile hukumu inaposomwa, tena kwa barua, maana siku za kungojea nakala huweza kuondolewa katika hesabu ikiwa uliomba mapema kwa maandishi na kumpelekea mpinzani wako nakala ya barua hiyo.

Tena jihadhari na jambo hili ambalo limewatoa watu wengi katika mashamba yao: kukata rufaa peke yake hakuzuii kufukuzwa. Ni lazima uombe amri nyingine ya kusimamisha utekelezaji wa hukumu, na korti itataka kuona kwamba utapata hasara kubwa bila amri hiyo, na kwamba hukuchelewa kuja. Mara nyingi itakuamuru pia uweke dhamana.