Kuhifadhi mahindi hadi Januari: Soma upana wa utabiri, si mstari wa kati tu

MKULIMA aliyevuna mahindi ana swali moja kila Julai: auze sasa bei ikiwa chini, au aweke ghalani hadi Januari? Wengi hujibu kwa namba moja waliyoisikia, kwamba “Januari gunia litafika 78,000”. Wanakopa, wanalipia ghala, kisha Januari bei inakuja tofauti na deni linabaki palepale.

Kosa si la utabiri pekee. Namba moja haisemi inaweza kukosea kwa kiasi gani. Kwa sababu hiyo wachumi huchora utabiri katika umbo la pepeo, kama lile la kupepea jiko la mkaa: jembamba upande wa mkono, pana upande wa mbele. Benki Kuu ya Uingereza ilianza kuchapisha mchoro wa namna hii kwa ajili ya mfumuko wa bei Februari 1996, lakini unasomeka vilevile kwa gunia la mahindi.

Jinsi ya kuusoma

Chukua mfano wa mfanyabiashara wa Kibaigwa, mkoani Dodoma, mwenye magunia 100 ya kilo 100. Bei zilizotumika hapa ni za mfano, si za sokoni leo. Mwezi Julai gunia ni Sh60,000. Mstari wa kati wa mchoro unapanda hadi Sh63,000 Agosti, Sh72,000 Novemba na Sh78,000 Januari.

Kuzunguka mstari huo kuna ukanda mpana unaoitwa wa asilimia 80. Maana yake ni kwamba kama utabiri wa namna hii ungetolewa mara 10, bei halisi ingeangukia ndani ya ukanda karibu mara nane. Mara moja ingekuwa juu yake, na mara moja chini yake. Agosti ukanda huo unaanzia Sh55,000 hadi Sh71,000. Novemba ni Sh56,000 hadi Sh88,000, na Januari ni Sh59,000 hadi Sh97,000.

Tazama upana wake: Agosti ni Sh16,000, Novemba Sh32,000 na Januari Sh38,000. Kupanuka huku hakumaanishi kwamba bei itapanda. Kunamaanisha kwamba kadiri mwezi unavyokuwa mbali, ndivyo mambo mengi yanavyopata nafasi ya kuibadili bei. Kati ya Julai na Agosti yatatokea machache. Kufikia Januari mvua za vuli zitakuwa zimenyesha au zimekosekana, mafuta ya malori yatakuwa yamepanda au kushuka, na wanunuzi wa nchi jirani watakuwa wamekuja au hawakuja.

Makosa ya mwezi mmoja na mwingine hayajumlishwi moja kwa moja, kwa kuwa mengine huvuta juu na mengine chini, yakapunguzana. Ndiyo maana muda ukiongezeka mara nne, kutoka mwezi mmoja hadi minne, upana umeongezeka mara mbili tu. Ukiona mchoro ambao upana wa mwezi wa sita ni sawa na ule wa mwezi wa kwanza, uliza umechorwaje kabla ya kuutumia.

Gharama iwekwe juu ya mchoro

Mchoro unakuwa na faida pale mfanyabiashara anapoweka bei yake ya kurudisha gharama juu yake. Tuseme mtaji wa Sh60,000 kwa gunia ni wa mkopo wenye riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi. Kwa miezi sita riba ni Sh5,400. Ghala, dawa na uzito unaopungua ni Sh2,600. Jumla ni Sh8,000, hivyo Januari lazima auze kwa Sh68,000 ili asipate hasara.

Ndani ya ukanda mpana kuna mwingine mwembamba, wa asilimia 50, ambao kwa Januari unaanzia Sh68,000 hadi Sh88,000. Nusu ya nafasi zote ziko ndani ya ukanda huo. Robo ziko juu yake na robo chini yake. Ukingo wake wa chini ndiyo bei ya kurudisha gharama. Kwa hiyo mfanyabiashara huyu ana nafasi moja kati ya nne ya kupata hasara, ingawa mstari wa kati unamwahidi faida ya Sh10,000 kwa gunia.

Bei ikifika ukingo wa chini wa ukanda mpana, Sh59,000, atapoteza Sh9,000 kwa gunia, yaani Sh900,000 kwa magunia 100. Hapo ndipo swali lilipo: anaweza kulipa hasara hiyo bila kuuza shamba au ng'ombe? Kama hawezi, auze magunia 50 Julai. Atapata Sh3,000,000 za kupunguza deni mara moja, na hasara katika hali hiyohiyo itakuwa Sh450,000. Faida anayotarajia nayo itapungua kwa nusu. Hiyo ndiyo bei ya kulala bila hofu.

Novemba mchoro uchorwe upya kwa bei ya siku hiyo. Januari sasa itakuwa miezi miwili mbele, ukanda utakuwa mwembamba, na uamuzi kuhusu magunia yaliyobaki utakuwa na msingi bora.

Kujipimia mwenyewe

Mwenye kumbukumbu za bei anaweza kupata ukanda wake bila kompyuta. Achukue miaka 10, na kwa kila mwaka aandike bei ilibadilika kwa asilimia ngapi kutoka Julai hadi Januari iliyofuata. Afute mwaka uliopanda zaidi na ule uliofanya vibaya zaidi. Miaka minane iliyobaki inampa ukanda wa takriban asilimia 80. Atumie asilimia badala ya shilingi, kwa sababu shilingi ya miaka 10 iliyopita si ya leo. Miaka 10 ni michache, hivyo kipimo hiki ni cha kukadiria tu.

Mchoro wa mtu mwingine nao upimwe. Weka utabiri wa zamani na uhesabu: kama bei halisi iliangukia ndani ya ukanda wa asilimia 80 mara tano tu kati ya 10, ukanda ni mwembamba mno, na hatari ni kubwa kuliko inavyoonekana.

Yasiyomo ndani ya mchoro

Upana wa mchoro hutokana na makosa ya zamani. Jambo ambalo halikuwahi kutokea katika miaka hiyo halimo. Machi 2021 mamlaka ya kilimo ya Kenya ilizuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, na siku chache baadaye yakaruhusiwa kwa masharti. Hakuna ukanda wa bei za Julai iliyotangulia ambao ungeionyesha barua hiyo.

Hata walioanzisha mchoro huu wameguswa na udhaifu wake. Aprili 2024 Ben Bernanke, aliyewahi kuongoza benki kuu ya Marekani, aliishauri Benki Kuu ya Uingereza iachane nao na badala yake ieleze hali mbalimbali zinazoweza kutokea.

Mfanyabiashara wa nafaka anaweza kufanya yote mawili. Atumie ukanda kwa misukosuko ya kawaida ya soko, kisha aandike pembeni: mpaka ukifungwa na gunia likashuka hadi Sh45,000, nitailipaje benki? Asiyekuwa na jibu la swali hilo apunguze magunia anayoyaweka, hata kama mstari wa kati unapanda.