Kufuata Saruji Kiwandani kwa Lori Lako

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi anayenunua saruji moja kwa moja kiwandani ana njia mbili za kuifikisha dukani. Anaweza kulipa bei yenye usafiri ndani yake, kiwanda kikatafuta gari. Au analipa bei ya getini na kutuma lori lake mwenyewe. Njia ya pili huwavutia wengi, hasa wale ambao lori lao hushusha mchele Dar es Salaam na lingerudi bara tupu. Ila anayechagua bei ya getini amechukua pia kazi ambayo kiwanda kingeimaliza bila yeye kujua: kutafuta zamu ya kupakia, kumwandaa dereva, na kuhakikisha uzito ulio nyuma ya gari unaruhusiwa barabarani.

Tuchukue mfano wa duka lililoko Morogoro linalofuata mifuko 300 katika kiwanda cha Wazo Hill, Tegeta, ambacho kimekuwa kikizalisha saruji tangu mwaka 1966. Duka, lori na tarakimu zake ni za mfano tu, na taratibu za geti hutofautiana kidogo kati ya kiwanda na kiwanda. Lakini anayeielewa safari hii moja hatapata shida Tanga, Mtwara wala Mbeya.

Mfuko ni kilo 50, hivyo mifuko 300 ni tani 15. Oda ikishalipiwa, kiwanda hutoa kibali cha kuchukulia mzigo, na hapo ndipo watu wengi huanza kuteleza bila kujijua. Kibali hakimtaji mnunuzi peke yake. Kinataja aina ya saruji, idadi ya mifuko, namba ya gari, namba ya tela kama lipo, jina la dereva na namba ya leseni yake. Tela husajiliwa kwa namba yake yenyewe, kwa hiyo kuandika namba ya kichwa cha gari peke yake hakutoshi.

Basi siku ya safari lori liharibike springi, tajiri aazime gari la jirani. Dereva anafika Tegeta, anamsalimu mlinzi, anakabidhi karatasi. Mlinzi anasoma, anaangalia namba ya mbele, anaangalia tena karatasi. "Kaka, gari iliyoandikwa hapa siyo hii." Dereva ana risiti ya malipo mkononi na simu ya tajiri yake iko hewani, lakini haingii.

Wengi huuona huo ni usumbufu, na sababu yake inastahili kueleweka. Mfuko wa saruji hauna jina la mwenyewe. Ukishatoka getini unafanana na maelfu mengine, na ushahidi pekee wa kiwanda kwamba kilimpa mzigo mtu sahihi ni namba ya gari na jina la dereva vilivyoandikwa kabla. Laiti namba ingebadilishwa getini kwa maneno ya dereva, mtu yeyote mwenye picha ya risiti kwenye simu angeweza kuondoka na tani 15 za mwenzake. Kwa hiyo mabadiliko hufanywa na mwenye akaunti mwenyewe, kupitia ofisi ya mauzo iliyopokea oda, wala si dereva. Ofisi hiyo ina saa zake za kazi. Gari likibadilika usiku, ni bora lisiondoke Morogoro mpaka kibali kipya kitoke.

Mbali na kibali, dereva hubeba leseni hai yenye daraja la kuendesha malori, kitambulisho chake, kadi ya gari na uthibitisho wa bima. Gari la kukodi liwe pia na leseni ya usafirishaji ya LATRA. Leseni iliyoisha muda ndiyo inayokwamisha kirahisi kuliko vyote, kwa sababu haionekani mpaka mtu aifungue na kusoma tarehe. Mwenye duka makini huomba picha ya leseni pande zote mbili kabla ya kuomba zamu.

Zamu yenyewe ni nini? Ni kipande cha muda, tuseme kati ya saa 4 na saa 6 asubuhi, ambacho gari hilo limetengewa sehemu ya kupakilia. Saruji ya 32.5 na ya 42.5 hazitoki pamoja kwenye mtambo mmoja wa kufungia. Kila moja hupangiwa mstari wake na saa zake. Lori likichelewa, mstari unaweza kuwa umeshageuziwa saruji nyingine, na dereva atasubiri hata kama anaiona sehemu ya kupakilia iko wazi mbele yake. Kuwahi sana nako hakumsaidii, kwa kuwa yadi ya kusubiria ina nafasi chache na anayeingia ndani ni mwenye zamu. Kutoka Morogoro hadi Tegeta ni karibu kilomita 200, na foleni ya kuingia jijini haitabiriki. Dereva anayejua kazi huondoka usiku, akapumzika karibu na kiwanda badala ya kupumzika njiani.

Akiitwa, gari hupita kwanza mizani likiwa tupu. Lori letu la ekseli tatu limesoma kilo 10,400. Namba hiyo ndiyo itakayotolewa kwenye uzito wa kutokea, na tofauti ndiyo mzigo. Ndiyo maana waliomo ndani ya gari wakati wa mizani ya kwanza lazima wawe hali ileile wakati wa mizani ya pili. Utingo wa kilo 75 akikaa kwenye kabini wakati wa kuingia kisha akateremka kabla ya kutoka, hesabu itaonyesha mzigo umepungua kwa uzito wa mfuko mmoja na nusu, na gari litarudishwa kuhesabiwa upya. Viwanda vingi huepuka mkanganyiko huo kwa kuwataka wote wateremke mara zote mbili.

Kisha inakuja sehemu ya kupakilia, na hapa ndipo watu huumia.

Viatu vilivyofungwa, kofia ngumu na fulana inayong'aa hukaguliwa getini. Dereva wa ndala anarudishwa, na abiria wa ziada haruhusiwi kabisa. Hayo yanaonekana kirahisi. Sharti linaloleta ubishi zaidi ni lile la kuzima gari, kuweka kabari kwenye magurudumu na kukabidhi funguo kwa msimamizi mpaka upakiaji uishe. Madereva wengine hulichukulia kama dharau. Lakini fikiria kinachoendelea nyuma yao: vijana wawili watatu wamesimama juu ya mzigo, mifuko inawajia kwa mkanda bila kupumzika, kelele za mtambo zimefunika sauti zote. Dereva anayeitwa na mwenzake kutoka mbele, au anayedhani kazi imekwisha, akisogeza gari hatua mbili tu, wale walio juu wanaanguka kati ya bodi na jukwaa. Kupiga kelele hakusaidii mahali kama hapo. Funguo zikiwa mkononi mwa msimamizi, kosa hilo haliwezi kutokea hata likitakiwa kutokea. Ni sharti zuri kuliko yote ya kiwandani, na linastahili kufuatwa bila ubishi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtwika mwajiri jukumu la kulinda watu wanaofanya kazi eneo lake, na dereva wa mteja yumo katika eneo hilo.

Dereva hukaa sehemu ya kusubiria iliyowekewa alama, si kati ya magari wala nyuma ya lori linalorudi kinyumenyume. Mifuko hutoka mtamboni ingali na joto na vumbi lake huingia machoni. Saruji ikikutana na jasho huwa kali kama magadi na huunguza ngozi polepole, mara nyingi mtu asihisi mpaka jioni. Dawa ya kwanza ni maji mengi safi, mapema.

Anapokaa hapo kusubiri, dereva ana jambo moja la kulitazama kwa makini kuliko idadi ya mifuko: jinsi inavyopangwa. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari, ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2019, haipimi gari zima tu. Ekseli ya mbele ya usukani ina kikomo cha tani 8, na jozi ya ekseli za nyuma zenye matairi manane ina kikomo cha tani 18. Kwa lori letu jumla ni tani 26.

Likiwa tupu, gari letu lina tani 4.6 mbele na 5.8 nyuma. Mifuko ikianza kupangwa kwenye ukuta wa mbele wa bodi na kutandazwa sawasawa mpaka mwisho, tuseme tani 3 za mzigo zinaangukia ekseli ya mbele na 12 za nyuma. Mbele panakuwa tani 7.6, nyuma 17.8, jumla 25.4. Gari ni halali kila upande. Sasa wapakiaji waliochoka waache nafasi mbele na kurundika pale mkanda unapofikia, mzigo usogee nyuma kiasi kwamba tani 1.8 tu zinabebwa mbele. Ekseli za nyuma zinakuwa na 5.8 na 13.2, yaani tani 19 kamili. Mifuko ni ileile 300, jumla ni ileile 25.4, lakini nyuma pamezidi tani nzima, na mizani ya Vigwaza au ya Mikese italiona hilo. Mizani ya kiwanda inayopima gari zima kwa pamoja haitalionyesha.

Kuna na kilo zinazoongezeka baada ya kiwanda. Lita 200 za dizeli zilizojazwa njiani ni karibu kilo 170, na turubai likilowa linaongeza zake. Kwa hiyo mwenye lori hili asishawishike kuongeza mifuko 12 kwa kuwa hesabu ya karatasi inaonyesha tani 0.6 zimebaki. Ekseli za nyuma zimebakiza kilo 200 tu.

Mizani ya kutokea inasoma kilo 25,440. Ondoa 10,400, inabaki 15,040: tani 15 za saruji na uzito wa mifuko yenyewe. Ingesoma 24,900 hivi, dereva angepaswa kusimama hapohapo na kuomba mifuko ihesabiwe, kwani akishasaini hati ya makabidhiano mzigo ni wa tajiri yake na upungufu pia ni wake. Mfuko uliopasuka nao hubadilishwa kabla ya saini. Baada ya hapo ni kufunga turubai akiwa chini, kwenye eneo lililotengwa na si juu ya mzigo pembeni mwa geti, kuchukua funguo, na kuhakikisha kwamba risiti ya EFD, hati ya makabidhiano na karatasi ya mizani zote zinataja mifuko 300 na namba ya gari lilelile, kwa sababu hizo ndizo atakazoulizwa akisimamishwa kabla ya kufika Chalinze.