Mkato Unaopindua Jina

Je, wajua kwamba katika orodha ya majina alama ndogo kuliko zote ndiyo inayobeba habari nyingi? Chukua Rais wa awamu ya tatu, mzaliwa wa Lupaso mkoani Mtwara. Faharasa za vitabu humwandika “Mkapa, Benjamin William”. Mkato unaeleza kuwa jina la mwisho limetangulizwa, na unaonyesha linapoishia. Kompyuta haihitaji kujua zaidi ya hayo. Jina likiwa kwenye kisanduku A2 cha jedwali, fomula hii inatosha:

```
=TRIM(MID(A2,FIND(",",A2)+1,100))&" "&TRIM(LEFT(A2,FIND(",",A2)-1))
```

FIND inaukuta mkato kwenye herufi ya 6. LEFT inachukua herufi 5 za mwanzo, yaani “Mkapa”; MID inaanza herufi ya 7 na kuchukua yote yaliyobaki; TRIM inafuta nafasi iliyoufuata mkato. Tunapata “Benjamin William Mkapa”.

Wapo wanaoona ni rahisi zaidi kulihamisha neno la kwanza tu hadi mwisho. Njia hiyo inamfaa Mkapa, lakini ukivuka Ruvuma inavunjika. Mmoja wa waasisi wa FRELIMO, Marcelino dos Santos, akiorodheshwa “dos Santos, Marcelino”, jina lake la ukoo lina maneno mawili, na anayehamisha neno moja atapata “Santos, Marcelino dos”, mkato ukiwa bado ndani. Anayefuata mkato hakosei, hata pale orodha ya Kireno inapoandika “Santos, Marcelino dos”.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba watu wengi wa pwani ya Mtwara hawana jina la ukoo. Salum Hamisi Bakari ni Salum, mwana wa Hamisi, mjukuu wa Bakari. Ni kweli, na kumwita “Bakari” peke yake ni kumwita babu yake. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kuipindua “Bakari, Salum Hamisi”: tunamrudishia mpangilio anaojitambulisha nao, na fomula haidai kujua ukoo wa mtu.

Pale inaposhindwa, dalili huonekana. Jina lisilo na mkato hutoa `#VALUE!`. Kosa hilo lisifichwe, maana linaonyesha safu ambayo karani aliijaza kwa mtindo mwingine. Majina yenye mikato miwili ni hatari zaidi, kwa kuwa hupita bila kosa lolote: “King, Martin Luther, Jr.” hugeuka “Martin Luther, Jr. King”. Tafuta mkato kwenye safuwima ya matokeo. Ukiuona, rekebisha jina hilo kwa mkono.

Wala usiifute safuwima ya zamani. Kutoka “Marcelino dos Santos” hakuna fomula inayoweza kujua jina la ukoo linaanzia wapi.