Shujaa, jasiri au mtu wa papara: gharama ya neno kwenye cheti cha mwokoaji

Anayeandika cheti cha pongezi kwa mtu aliyeokoa wenzake huwa na nafasi ya mistari michache tu, na katika hiyo ni neno moja au mawili yatakayobaki masikioni mwa watu ukumbini. Maneno ya kuchagua ni mengi: shujaa, jasiri, shupavu, hodari, jabari. Yote ni bure kuyaandika, lakini kila moja lina gharama yake. Linadai ushahidi wa aina fulani, na ushahidi huo ukikosekana, anayelipa ni mpongezwa mwenyewe.

Tuyapime kwa tukio ambalo wengi wanalikumbuka. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air iliyokuwa ikitokea Dar es Salaam ilianguka katika Ziwa Viktoria, karibu kabisa na uwanja wa ndege wa Bukoba. Ilikuwa na watu 43. Waliopona ni 24, na marubani wote wawili walifariki. Wavuvi walifika mapema kwa mitumbwi yao. Mmoja wao, kijana, alieleza baadaye akiwa hospitalini kwamba alikwenda na wenzake watatu, akasaidia kufungua mlango wa nyuma kwa kupiga kwa kasia, kisha akazamia upande wa mbele na kuwasiliana na rubani kwa ishara kupitia kioo. Alipewa shoka avunje kioo, lakini akazuiwa. Akazamia tena, rubani akamwonyesha mlango wa dharura, akaufunga kamba ili uvutwe kwa mitumbwi. Kamba ikakatika, ikampiga usoni, akapoteza fahamu.

Neno linalokimbiliwa na kila mtu hapo ni shujaa. Ndilo rahisi kupatikana kuliko yote, maana siku hizi hata mfungaji wa bao la dakika ya mwisho hupewa. Gharama yake iko kwingine. Shujaa ni jina la mtu, si sifa ya kitendo. Ukimwita mtu shujaa umemvika vazi la kudumu, na atakapogombana na jirani au kushindwa kazi mpya, watu watauliza ushujaa umekwenda wapi. Tena jina hilo hukaa vibaya likipewa mmoja pale walipohangaika wengi: wale wavuvi watatu walipiga makasia ziwa lile lile. Na katika shughuli za serikali neno hili lina uzito wa kaburi, kwa kuwa Siku ya Mashujaa ya Tanzania, tarehe 25 Julai, ni ya kuwakumbuka waliokufa wakiipigania nchi. Kwa aliye hai ningelitumia pale tu ambapo mashahidi ni wengi na hadithi zao zinakubaliana.

Jasiri ni bei ya kati, na kwa maoni yangu ndilo linalofaa zaidi kwa fedha yake. Linabandikwa kwenye tendo bila kumfunga mtu maisha yake yote: alionyesha ujasiri saa fulani, mahali fulani. Linadai ushahidi mmoja mkubwa, kwamba aliiona hatari na kuielewa. Mvuvi analijua ziwa, anajua kinachompata anayenasa chini ya maji, na bado akazamia. Huo ni ujasiri. Ila lisiachwe peke yake, kwa sababu husemwa pia kwa ubaya: mtu akidanganya mchana kweupe bila kupepesa macho, tunasema ana ujasiri wa ajabu. Andika ujasiri wa kufanya nini.

Hodari ni nafuu na halina hatari, kwani kila mmoja amewahi kuwa mwanafunzi hodari au mpishi hodari. Linataja uwezo, halitaji woga ulioshindwa. Kwa askari wa uokoaji aliyefundishwa kazi hiyo linatosha sana, hata kuliko shujaa, maana linasema aliijua kazi. Kwa mpita njia litaonekana limepungua.

Shupavu linahitaji uangalifu. Maana yake ni mtu asiyerudi nyuma, na linapendeza kwa aliyerudi majini baada ya jaribio la kwanza kushindikana. Lakini mpaka kati ya ushupavu na ukaidi ni mwembamba. Hebu fikiri kijana yule angelazimisha kuvunja kioo baada ya kuzuiwa: pengine leo tungemsifu, pengine tungemlaumu, ila neno shupavu lingeficha swali hilo. Kwa maelezo yake, aliacha shoka alipokatazwa. Kwa hiyo ushupavu wake uandikwe kwenye kamba, si kwenye shoka.

Jabari ningeliacha dukani. Ni zito mno, tena karibu mno na sifa za Mwenyezi Mungu, kama ambavyo mwokozi kwa Wakristo wengi ni mmoja tu (ndiyo maana cheti kiseme mwokoaji). Machachari ni zuri kwa mtoto wa miaka kumi na mitatu aliyemvuta mdogo wake kisimani kwa kamba ya ndoo, lakini kwenye karatasi yenye mhuri linasikika kama mtangazaji wa mpira anayemsifu mshambuliaji.

Sasa yale yanayoonekana ya bei poa na kumbe ni ghali. La kwanza ni kujitoa mhanga. Mhanga ni kafara, na kwenye taarifa za habari maneno hayo yameshazoea kuandamana na mabomu. Mpe aliye hai uone familia yake itakavyojikunja. Kujitolea ni salama zaidi, ingawa wengi watasikia kazi isiyo na mshahara. Sema waziwazi kwamba alihatarisha maisha yake.

La pili, linaloandikwa karibu katika kila cheti, ni bila kujali maisha yake. Lisome taratibu. Linasema mtu huyu hakufikiri, yaani linamweka kundi moja na anayekurupuka kwa papara, na aliyelichagua alidhani anasifu. Wakufunzi wa uokoaji majini hufundisha kinyume chake: mnyooshee anayezama fimbo au mtupie kamba kwanza, usimwendee mikono mitupu, kwa sababu anayezama hukumbatia chochote na anaweza kukuzamisha naye. Cheti kinachosifu kutojali kinasomwa na vijana wa ufukweni, na wao ndio watakaojitosa mara ijayo. Badala yake andika akijua hatari iliyokuwapo. Kwa idadi ya maneno huongezi kitu, na unamtoa mtu kwenye upapara na kumrudisha kwenye ujasiri.

Kama angekuwa mpongezwa wangu, na mashahidi wakathibitisha maelezo yake, ningeandika hivi: «Kwa ujasiri wake tarehe 6 Novemba 2022, ndege ilipoanguka ziwani Bukoba. Pamoja na wavuvi wenzake alisaidia kufungua mlango wa nyuma kwa kasia, kisha akazamia hadi kwa marubani akijua hatari iliyokuwapo. Alipokatazwa kuvunja kioo, alitii. Alirudi tena na kamba, kwa ushupavu, mpaka alipoumia.» Sifa ni mbili tu, na kila moja imekaa karibu na tendo lililoilipia. Mwenye ofisi akisisitiza lazima neno shujaa liwemo, liweke kwenye wingi na uwaite wavuvi wote wanne, kila mmoja na cheti chake.