Ameghairi Mara ya Tatu: Utamwandikiaje?

Jumamosi alasiri uko Ubungo, ndani ya daladala, unakwenda Mwenge kuonana na shoga yako. Ujumbe unaingia: "Shosti, leo sitaweza, nisamehe." Ni Jumamosi ya tatu mfululizo. Vidole vinaandika vyenyewe: "Wewe kila siku unaghairi. Kama hutaki kuonana sema tu, usinipotezee muda."

Usiutume kwanza. Una haki ya kukasirika, lakini ujumbe huo utamfanya ajitetee. "Kila siku" atakukatalia papo hapo kwa kukukumbusha siku aliyokuja, na mtabaki mkibishana juu ya siku hiyo. Taja yaliyotokea tu: Jumamosi tatu. "Hutaki kuonana" ni kumsemea moyo wake, nawe hujui kilichomo. Unachokijua ni upande wako: ulikwishatoka, ukarudi umenyong'onyea.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Thomas Gordon, ndiye aliyeeneza njia hii ya kuanza na "mimi" badala ya "wewe", hasa kupitia kitabu chake cha malezi cha mwaka 1970. Ina mtego wake, lakini. "Mimi naona hunijali" inaanza na mimi, ila bado ni shutuma.

Tazama pia vineno vidogo. "Umeghairi" humnyooshea mtu kidole. "Imeshindikana" hutaja jambo lenyewe. Ukiongeza "tena", mwiba unarudi. Na "Sawa tu, nimezoea" inaonekana ya upole, kumbe ndiyo inayochoma kuliko zote.

Sasa uandike upya, jioni, ukiwa umetulia:

"Shosti, habari za toka juzi? Jumamosi hizi tatu imeshindikana kuonana, na leo ujumbe wako ulinikuta nimeshafika Ubungo. Nilirudi nimenyong'onyea, maana nilitamani sana tukae tuongee. Jumamosi zinakubana siku hizi? Kama ndivyo, hata nusu saa jioni karibu na kazini kwako inanitosha. Ila ukiona mambo hayaendi, nijulishe kabla sijatoka nyumbani."

Swali la katikati linampa mlango wa kusema ukweli, labda ameishiwa nauli au anauguza mtu nyumbani, bila kulazimika kutunga sababu. Sentensi ya mwisho ndiyo ombi, nayo usiifute. Ukilainisha mpaka ibaki "usijali, tutapanga", atadhani hukuumia, na wiki ijayo ataghairi ukiwa njiani vilevile.

Akijibu vizuri kisha akaendelea kughairi, tatizo si maneno yako. Acha kupanga miadi inayomtegemea yeye peke yake. Mwalike mahali utakapokwenda hata asipokuja, kama sokoni au kwenye shughuli ya jirani: "Nitakuwepo kuanzia saa kumi, ukipata nafasi pitia."