Je, wajua kwa nini homa ya malaria huchelewa wiki mbili?

Mtu wa Nairobi anakwenda Siaya mazikoni, na Jumamosi usiku analala bila chandarua. Jumatatu yuko kazini, mzima kabisa. Wiki inapita na nyingine inaingia, hana hata kichwa kumuuma. Ijumaa ya wiki ya pili, jioni, anashikwa na baridi ya kutetemesha meno huku paji la uso likiwaka. Analaumu mvua iliyomnyeshea jana yake. Kumbe ugonjwa huo ameutoa Siaya siku 13 zilizopita, na hesabu ya vimelea inaonyesha kwa nini haukuweza kujitokeza mapema zaidi.

Mbu jike wa anofelesi anapochoma ngozi hutema mate kwanza, na kwenye mate hayo hutoka vimelea vyembamba viitwavyo sporozoiti. Mara nyingi si zaidi ya makumi kadhaa, na vingi huishia papo hapo ngozini. Tuseme kwa mgonjwa wetu 10 tu vimepata mshipa wa damu. Katika muda wa saa chache vimefika kwenye ini, na kila kimoja kimeingia ndani ya seli moja. Humo hukaa siku sita hadi saba kikijigawa kimyakimya. Ini lina mabilioni ya seli, hivyo kupoteza 10 si lolote. Hakuna maumivu wala homa, na ukipima damu wakati huo huambulii kitu.

Ukimya huo uliwasumbua hata wataalamu. Laveran aliviona vimelea kwenye damu ya mwanajeshi huko Algeria mwaka 1880, na Ross akaviona kwenye tumbo la mbu huko India mwaka 1897. Lakini vilikokuwa vikijificha baada ya mbu kuuma hakukujulikana mpaka mwaka 1948, Shortt na Garnham walipovikuta kwenye ini. Garnham alikuwa ametumikia miaka mingi Kenya kama daktari, na huko ndiko alikochunguza maini ya nyani na kukuta ndugu wa karibu wa kimelea hiki.

Turudi kwa mgonjwa. Kimelea kinachotawala kwetu Afrika Mashariki ni plasmodiamu falsiparamu, na sporozoiti moja ya aina hii inaweza kuzaa ndani ya ini vimelea vipya wapatao 30,000. Hivi huitwa merozoiti. Kumi mara 30,000 ni 300,000, na vyote vinamwagika kwenye damu siku ya saba, yaani Jumamosi iliyofuata. Idadi hiyo inatisha mpaka uilinganishe na damu yenyewe. Mtu mzima ana lita tano hivi, sawa na mikrolita milioni tano. Kwa hiyo katika kila mikrolita 100 za damu yake mna vimelea sita tu. Mpimaji wa maabara ya kawaida huanza kuviona kwa darubini vikifika kama 50 katika mikrolita moja.

Merozoiti haidumu nje ya seli. Ndani ya dakika chache lazima iwe imeingia kwenye seli nyekundu. Ikishaingia hula hemoglobini, hukua, kisha hujigawa, na baada ya saa 48 hivi seli hupasuka na kutoa merozoiti 16 au zaidi. Nyingi hufa kabla ya kupata seli nyingine, kwa hiyo tuchukue kwamba idadi huongezeka mara kumi kila mzunguko. Jumamosi vilikuwa 0.06 kwa mikrolita. Jumatatu 0.6. Jumatano 6. Ijumaa 60. Hapo ndipo mwili wake usio na kinga ya malaria unapowaka. Aliyekulia Siaya na kuumwa na mbu mwaka hadi mwaka angeweza kubeba vingi kuliko hivyo bila kuhisi homa.

Kinacholeta homa ni kule kupasuka kwa seli. Mabaki ya kimelea humwagika kwenye damu, chembe nyeupe huyashambulia, na kemikali zinazotolewa nazo huuamuru ubongo upandishe joto la mwili. Mgonjwa hutetemeka kwa baridi, kisha huungua kwa saa kadhaa, mwishowe hulowa jasho na kupata nafuu inayomdanganya kwamba amepona.

Daktari Golgi wa Pavia, Italia, alionyesha katika miaka ya 1885 na 1886 kwamba vipindi hivyo vya homa huendana na kupasuka kwa vimelea. Aina ya vivaksi hupandisha homa kila baada ya saa 48, na aina ya malarie kila baada ya saa 72. Falsiparamu nayo ina mzunguko wa saa 48, lakini mgonjwa wake mara nyingi hana ratiba. Vimelea vyake havipasuki vyote kwa pamoja. Tena, kama mgonjwa wetu aliumwa na mbu Jumamosi na pia Jumapili usiku, ana vizazi viwili vilivyopishana siku moja, na homa itakuja kila siku. Kwa hiyo anayesubiri homa iruke siku ndipo aamini kuwa ni malaria anasubiri dalili ambayo huenda isije kamwe, na falsiparamu ndiyo inayoua.

Inaua kwa hila moja mahususi. Kimelea kikishakaa kwenye seli karibu nusu ya zile saa 48, huotesha vinundu juu ya ngozi ya seli, na vinundu hivyo huifanya ing'ang'anie kuta za mishipa midogo kabisa. Seli iliyong'ang'ania haipiti kwenye bandama, ambako ingechujwa na kuharibiwa. Zikijazana kwenye mishipa ya ubongo, mgonjwa hupata degedege au kupoteza fahamu.

Hila hiyo hudanganya pia darubini. Damu inayochukuliwa kidoleni huwa na vimelea vichanga tu, vyenye umbo la pete, kwa sababu vilivyokomaa vimejificha ndani. Mgonjwa anaweza kuwa hoi huku slaidi ikionyesha vichache au kutoonyesha chochote. Ndiyo maana, dalili zikiendelea, damu hupimwa tena baada ya saa 12 hadi 24. Kipimo cha haraka hutafuta protini ambayo kimelea huiachia kwenye damu, hivyo kinaweza kuvinasa hata vilivyojificha. Tatizo lake ni kwamba protini hiyo hubaki wiki kadhaa baada ya vimelea kufa, na aliyekwisha kupona huonekana bado anaumwa.

Wakati huohuo baadhi ya vimelea vimeacha kuzaana. Kwa siku kumi au zaidi hukomaa kuwa vya kiume na vya kike, vyenye umbo la mwezi mwandamo. Havileti homa, na vikishakomaa dawa ya mseto haiviui vizuri, hivyo mgonjwa aliyepata nafuu bado anaweza kuambukiza mbu. Vikinywewa, dume hutoa mbegu ndani ya robo saa, jike hurutubishwa, na kifuko huota kwenye ukuta wa tumbo la mbu. Kifuko kikipasuka, maelfu ya sporozoiti huelekea kwenye tezi za mate.

Katika joto la pwani au la kando ya Ziwa Viktoria, kazi hii huchukua siku 10 hadi 14, na mbu wengi hufa kabla haijaisha. Joto likishuka chini ya digrii 18 hivi, falsiparamu karibu hudumaa kabisa tumboni mwa mbu. Baridi hiyo ndiyo inayoikinga sehemu kubwa ya Nairobi, na ndiyo sababu nyanda za juu kama Kisii na Kericho zimewahi kukumbwa na milipuko katika misimu ya mvua iliyoambatana na joto kuliko kawaida.