Vitabu sita, jina moja

Mchapishaji wa vitabu vya marudio vya darasa la saba akikipa cha kwanza jina la "Hisabati Nyepesi", hana tatizo lolote. Tatizo huja na cha pili, ambacho lazima kiitwe "Kiswahili Chepesi". Cha tatu kitakuwa "Maarifa ya Jamii Mepesi", na Uraia nao unadai "Mwepesi". Vikipangwa rafuni, neno lililokusudiwa kuviunganisha limeshageuka mara nne, na mzazi anayetafuta seti nzima hana cha kushika.

Ngeli ndizo zinazoleta shida hii. Baadhi ya wachapishaji huikwepa kwa kuchagua sifa isiyobadilika, kama rahisi, bora au sanifu. Kiswahili Mufti cha Longhorn na Kiswahili Fasaha cha Oxford vimejengwa hivyo, na maneno hayo yangeweza kufuata somo la ngeli yoyote bila kuguswa.

Lakini sifa ikikaa mwishoni huelemewa na majina marefu. Katika "Sayansi na Teknolojia Rahisi", kilicho rahisi ni masomo yote mawili au teknolojia peke yake? Kuanza na nomino kunaondoa utata huo, maana kiunganishi hufuata nomino ya mwanzo: Mazoezi ya Hisabati, Mazoezi ya Kiswahili. Hata hivyo, ukifika "Mazoezi ya Maarifa ya Jamii", ulimi unaanza kujikwaa.

Njia inayostahimili zaidi ni kuutenga mfululizo na somo. Tuseme jina ni "Jipime". Linakaa juu ya jalada, mahali palepale na kwa herufi zilezile, na somo linafuata mstari wa chini: Jipime, Hisabati, Jipime, Uraia na Maadili. Hapo hakuna upatanisho wa kuvunjika. Dukani mwalimu ataulizia "Jipime ya Sayansi" na muuzaji atajua anyooshe mkono wapi.

Ukubwa wa herufi za somo upimwe kwa jina refu kuliko yote. "Hisabati" ina herufi 8 tu, ilhali "Sayansi na Teknolojia" inachukua nafasi 21 pamoja na mianya. Mbunifu akianza na Hisabati atajaza mgongo wa kitabu kwa herufi nene, kisha alazimike kuzikondesha kwenye Sayansi, na seti ipoteze sura yake.

Jina la mtihani nalo lisiingie kwenye jina la mfululizo. Nchini Kenya, KCPE ilifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na kila jalada lililoibeba likapitwa na wakati hata pale maswali ya ndani yalipokuwa bado yanafaa. Mtihani utajwe kwenye kibandiko cha pembeni, kinachoweza kubadilishwa toleo lijalo.

Orodha ya majina yote sita iandikwe kabla ya kitabu cha kwanza kuombewa ISBN. Kila kitabu hupewa namba yake, na jina linaloandikishwa linapaswa kulingana na la jalada na la ukurasa wa ndani, neno kwa neno.